Faili la meza ya pili halina haja ya kupanda wingu

*"Tuko watano ofisini, kila mmoja na kompyuta yake ya Windows, tunatengeneza mabango na vipeperushi. Folda ya kazi iko kwenye hifadhi ya mtandaoni ili kila mtu aione. Bando la ruta linakata kabla mwezi haujafika nusu, na faili moja huchukua hata robo saa kumfikia mwenzangu wa meza ya pili. Nasikia kuna programu zinazofanya kazi hiyo bila intaneti. Je, zinaaminika, na nianzie wapi bila kupoteza kazi za wateja?"*

Zinaaminika, mradi zipangwe sawasawa. Kwa ofisi yenu ningechagua Syncthing ibebe folda ya kazi, na LocalSend kwa faili la kurushiana mara moja tu, kama picha iliyo kwenye simu ya mtu. Zote mbili ni za bure, na zinapitisha faili moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia ruta mliyo nayo. Ruta haihitaji bando kwa kazi hiyo. Waifai ni mawasiliano ya vifaa na ruta; intaneti ni njia ya kutoka kwenye ruta kwenda nje, na bando huhesabiwa kwenye njia hiyo ya nje peke yake. Ukiitoa laini ya simu kwenye ruta, kompyuta zenu zitaendelea kuonana kama kawaida.

Tupige hesabu ya faili moja la bango lenye MB 40. Mmoja wenu akilihifadhi, linapanda mtandaoni mara moja, kisha linashuka kwenye kompyuta nne. Hizo ni MB 200 kwa kubofya "hifadhi" mara moja. Likihifadhiwa mara 6 kwa siku, ni GB 1.2, na kwa siku 22 za kazi ni zaidi ya GB 26, kwa faili moja tu. Muda nao uko hivyo hivyo: kama kasi yenu ya kupandisha ni megabiti 1 kwa sekunde, MB 40 zinahitaji zaidi ya dakika 5 kupanda kabla hata mwenzako hajaanza kuzishusha. Ndani ya ofisi, waifai ya kawaida inayotoa megabiti 100 kwa sekunde hupitisha faili hilo kwa sekunde 3 au 4.

Ni kweli kwamba baadhi ya huduma za mtandaoni hutuma sehemu iliyobadilika tu badala ya faili zima. Hilo husaidia kwa mafaili fulani, lakini aina nyingi za mafaili ya ofisi na ya usanifu hubanwa yanapohifadhiwa, na faili lililobanwa hubadilika karibu lote hata ukisogeza herufi moja. Kwa hiyo usitegemee sana faraja hiyo.

Kwanza hakikisha mwizi ni yeye

Kabla ya kuhamisha chochote, fungua Settings ya Windows, andika `Data usage` kwenye sehemu ya kutafuta, na uangalie kila programu imetumia kiasi gani kwa siku 30. Fanya hivyo kwenye kompyuta zote tano. Ukikuta programu ya hifadhi ya mtandaoni iko juu, endelea na mpango huu. Ukikuta aliyeko juu ni masasisho ya Windows au kivinjari chenye video, Syncthing haitakuokoa. Dawa ya masasisho ni kuiwekea waifai hiyo alama ya `Metered connection` kwenye kila kompyuta, ili Windows iache kushusha mengi bila kuulizwa.

Kutoa kazi kwenye wingu bila kuidondosha

Hapa ndipo watu hupoteza mafaili, kwa hiyo nenda taratibu. Huduma nyingi za mtandaoni huonyesha faili kwenye folda ilhali lenyewe haliko kwenye diski. Unachokiona ni jina na alama ya wingu. Ukinakili folda ya namna hiyo ukiwa huna mtandao, utabaki na majina matupu au ujumbe wa kosa. Kwa hiyo chagua kompyuta moja, iamuru programu ya hifadhi iweke folda nzima kwenye diski daima, na uiache ishushe vyote wakati bando ni nafuu. Gharama hiyo ya mwisho hulipwa mara moja, na kwenye kompyuta moja, si tano.

Vikishashuka, nakili folda uipeleke mahali pengine kabisa, mathalani `C:\Kazi`. Usiiache ndani ya folda ya ile huduma. Programu mbili za kusawazisha zikisimamia folda moja huanza kugombana: moja inafuta, nyingine inarudisha, na nakala zinazaana zenye majina ya ajabu. Zima programu ya zamani kwenye kompyuta zote tano, lakini kule mtandaoni usifute kitu kwa mwezi mzima. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyuma mambo yakiharibika.

Kompyuta moja iwe kituo

Syncthing haina seva inayotunza mafaili. Kompyuta huwasiliana zenyewe kwa zenyewe, na faili husafiri pale tu ambapo kompyuta mbili ziko hewani kwa wakati mmoja. Ukifanya kazi jioni hadi usiku, ukazima na kuondoka, na mwenzako akawasha asubuhi kabla hujafika, hatakuta kitu. Ndiyo maana ofisi inahitaji kompyuta ya sita inayobaki imewashwa. Laptopu ya zamani inatosha, na ina faida ya betri umeme ukikatika. Iunganishe na ruta kwa kebo badala ya waifai, ondoa usingizi kwenye mipangilio ya umeme, na uamue tangu mwanzo kwamba hakuna mtu atakayefanyia kazi hapo. Sababu ya sharti hilo la mwisho nitaieleza nikifika kwenye matoleo ya zamani.

Shusha Syncthing mara moja tu, kisha ipeleke kwenye kompyuta nyingine kwa flashi. Kwa Windows huja kama faili la zip. Lifungue kwenye `C:\Syncthing` na utengeneze njia ya mkato ndani ya folda inayofunguka ukiandika `shell:startup` kwenye kisanduku cha Run. Amri ya njia hiyo ya mkato iwe hivi, ili ianze kimyakimya kila mtu anapoingia kwenye Windows:

```
C:\Syncthing\syncthing.exe --no-console --no-browser
```

Mara ya kwanza ikianza, ukuta wa moto wa Windows utauliza kama uiruhusu. Iruhusu kwenye mitandao ya `Private`. Mipangilio yote hufanyika kwenye kivinjari kwa anwani `http://127.0.0.1:8384`, ambayo ni kompyuta yenyewe, haitoki nje.

Funga milango ya nje

Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama bando litapona. Syncthing ilivyo ikitoka kiwandani haijali intaneti ni ghali. Kompyuta mbili zikishindwa kuonana ndani ya ofisi, hutafutana kupitia intaneti, na zikishindwa tena hupitisha mafaili kwenye seva za kati zilizo mbali. Kazi itaonekana inakwenda vizuri, ila polepole, na bando litaendelea kuyeyuka huku ukiamini umeshaondoka mtandaoni. Huwa inatosha mtu mmoja kujisahau ameunganisha kompyuta yake na hotispoti ya simu.

Kwa hiyo kwenye kila kompyuta, nenda `Actions > Settings > Connections`. Ondoa tiki kwenye `Enable NAT traversal`, `Global Discovery` na `Enable Relaying`. Acha `Local Discovery` peke yake. Kisha kwenye kichupo cha `General`, weka `Anonymous Usage Reporting` kuwa imezimwa na `Automatic upgrades` kuwa `No upgrades`. Kila kompyuta ina mipangilio yake, hivyo ukiibadilisha moja hujaibadilisha nyingine. Ni lazima uzipitie zote sita, kituo kikiwemo. Baada ya hapo kusasisha programu ni kazi yenu wenyewe: mnashusha toleo jipya mara moja, mnalisambaza kwa flashi, na mnalibadilisha kwenye kompyuta zote siku hiyo hiyo.

Kuzijulisha kompyuta, na kujaza folda mara ya kwanza

Kila kompyuta ina kitambulisho chake kirefu, makundi 8 ya herufi na tarakimu 7, unachokiona kwenye `Actions > Show ID`. Huna haja ya kukiandika. Kwenye kompyuta ya kila mfanyakazi bofya `Add Remote Device`. Kama mtandao uko sawa, vitambulisho vya kompyuta zilizo karibu vitajitokeza chini ya kisanduku na utabofya cha kituo. Hakikisha ni chenyewe kwa kulinganisha kundi la kwanza na la mwisho. Kabla ya kuhifadhi, weka tiki kwenye `Introducer` ndani ya kichupo cha `Sharing`. Maana yake ni kwamba kituo ndicho kitakachoitambulisha kompyuta hii kwa wenzake, kwa hiyo kila mtu anaongeza kifaa kimoja tu. Siku mtu akiacha kazi, ukimwondoa kwenye kituo anaondoka kwa wengine pia.

Kituo nacho kitauliza kama kiwakubali hao waliojitokeza. Kubali, ongeza folda `C:\Kazi` kwenye kituo, na uishirikishe kwa wote watano. Kwao utatokea ujumbe wa kuikubali folda. Hapo angalia njia ya folda, maana Syncthing hupendekeza mahali pake yenyewe. Andika `C:\Kazi` kwa kila mtu ili mafaili yanayorejea picha kwa njia kamili yasipoteze picha zake.

Kama folda ina GB 60, usiipitishe yote kwenye waifai mara ya kwanza. Inawezekana, ila itachukua saa nyingi na kuwachelewesha wengine. Inakili kwa diski ya nje kwenda kwenye kituo na kila kompyuta kabla ya kukubali folda:

```
robocopy E:\Kazi C:\Kazi /E
```

Amri hii hutunza tarehe za mafaili. Syncthing ikianza itayasoma yote, itaona yanafanana na ya kituo, na haitatuma chochote. Kompyuta itachemka kidogo kwa muda wakati inasoma; hilo ni kawaida. Diski ya nje iwe ya NTFS au exFAT. Ikiwa ya FAT32, itakataa faili lolote linalofika GB 4.

Jaribio ambalo halidanganyi

Kwenye ukurasa wa Syncthing, bofya jina la kompyuta ya mwenzako upande wa kulia na usome mstari wa `Connection Type`. Unataka kuona `TCP LAN` au `QUIC LAN`. Ukiona neno `WAN` au `Relay`, mafaili yanapitia nje, na kuna kompyuta ambayo hukuzima zile tiki tatu.

Kisha fanya jaribio la mikono: toa laini ya simu kwenye ruta, hifadhi faili dogo ndani ya `C:\Kazi`, na usubiri. Syncthing hukusanya mabadiliko kwa sekunde kama 10 kabla ya kuanza kuyatuma, kwa hiyo usibofye hovyo kabla muda huo haujapita. Kufuta huchelewa zaidi, karibu dakika nzima.

Jambo moja litakushtua wiki ya kwanza. Ukifungua tena ile `Data usage`, utaikuta `syncthing.exe` juu kabisa ikiwa na magigabaiti mengi. Windows huhesabu kila kilichopita kwenye waifai, kiwe kimetoka nje au kimeishia meza ya jirani. Usiifute programu kwa hesabu hiyo. Kipimo cha kweli ni salio la bando kabla na baada ya siku moja ya kazi, au hesabu ya matumizi kwenye ukurasa wa ruta yenyewe.

Zisipoonana

Sababu mbili ndizo hujirudia. Ya kwanza ni Windows kuiona waifai ya ofisi kuwa mtandao wa umma, ikazuia kila anayegonga kutoka nje ya kompyuta. Fungua PowerShell kama msimamizi na uulize:

```
Get-NetConnectionProfile
```

Kama `NetworkCategory` inasema `Public`, ibadilishe kwa kutumia jina uliloliona kwenye `InterfaceAlias`:

```
Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private
```

Ya pili iko kwenye ruta. Ruta nyingi zina kipengele kinachoitwa `AP Isolation` au `Client Isolation`, ambacho huruhusu kila kifaa kufika kwenye intaneti lakini hukataza vifaa kuzungumza vyenyewe. Waifai ya wageni mara nyingi huja nacho kimewashwa. Dalili yake ni kwamba intaneti inafanya kazi kwa wote, lakini hakuna anayemwona mwenzake. Kizime, au hamisha kila mtu kwenye waifai kuu.

Usitumie `ping` kuamua, kwa sababu Windows mara nyingi hainyanyui jibu la ping hata mtandao ukiwa mzima. Gonga mlango ambao Syncthing inautumia, ukiweka anwani ya kituo chako:

```
Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 22000
```

Ikijibu `TcpTestSucceeded : True` ilhali kompyuta bado hazionani kwenye Syncthing, ujue njia iko wazi ila ruta inameza tangazo la kujitambulisha, linalopita kwenye mlango wa UDP 21027. Hapo kwenye kompyuta za wafanyakazi fungua mipangilio ya kituo, kichupo cha `Advanced`, na mahali palipoandikwa `dynamic` weka `tcp://192.168.1.20:22000`. Kwenye ruta ihifadhie kituo anwani hiyo isibadilike, la sivyo mtarudi hapa ruta ikiwashwa upya.

Watu wawili kwenye faili moja

Hapa wingu lilikuwa linawabeba kidogo, na ni haki ulijue kabla. Syncthing haifungi faili. Wawili wakifungua bango lile lile na wote wakahifadhi kabla mabadiliko hayajafikiana, moja litabaki na jina lake na jingine litapewa jina la namna hii:

```
bango-shule.sync-conflict-20250312-104455-K7QWERT.psd
```

Hakuna kilichopotea. Linalobaki na jina la asili ni lile lenye saa ya karibuni zaidi ya kuhifadhiwa, na jingine ndilo linalobadilishwa jina. Ndiyo sababu saa za kompyuta ni muhimu: kompyuta yenye betri ndogo iliyokufa kwenye ubao wake hurudi miaka nyuma kila ikizimwa, na kazi yake ya leo itahesabiwa kuwa ya zamani daima. Baada ya kuondoka mtandaoni Windows hupata nafasi chache za kurekebisha saa, kwa hiyo ziangalie zote sita mara kwa mara.

Kanuni inayofanya kazi ofisini ni ya kibinadamu: mwenye bango huandika herufi za jina lake mwishoni mwa jina la faili anapolichukua, na huziondoa akimaliza. Mara moja kwa wiki mtu mmoja atafute `sync-conflict` ndani ya `C:\Kazi` na kusuluhisha alichokikuta. Kama kuna hati ambayo watu watatu wanaiandika kwa pamoja dakika ile ile, iacheni mtandaoni. Maandishi ni mepesi na hayatamaliza bando lenu.

Mafaili ya muda yanayozaliwa na programu za ofisi hayana haja ya kusafiri. Kwenye folda, sehemu ya `Ignore Patterns`, andika haya kwenye kila kompyuta, kwa kuwa orodha hii nayo haisambai yenyewe:

```
(?d)Thumbs.db
~$*
*.tmp
```

Kufuta nako husambaa

Syncthing ni chombo cha kusawazisha, na ukikiona kama hifadhi ya akiba kitakuumiza. Mtu akifuta folda ya mteja kimakosa, inafutika kote ndani ya dakika chache. Kinachokuokoa ni matoleo ya zamani. Kwenye kituo peke yake, fungua mipangilio ya folda, kichupo cha `File Versioning`, chagua `Staggered` na uweke `Maximum Age` kuwa siku 30. Kuanzia hapo kila faili linalobadilishwa au kufutwa na mtu mwingine huhifadhiwa kwanza ndani ya `C:\Kazi\.stversions`.

Zingatia maneno "na mtu mwingine". Syncthing hutunza toleo la zamani pale tu badiliko linapotoka kwenye kompyuta nyingine. Ukikaa kwenye kituo na kufuta faili kwa mkono wako, hakuna kinachotunzwa hapo. Ndiyo sababu kituo kisifanyiwe kazi na mtu: kikiwa mpokeaji tu, kila kosa la ofisi huacha nakala.

Mpangilio huo hutunza matoleo mengi ya siku ya kwanza, kisha moja kwa kila siku. Bango la MB 40 linaloguswa kila siku ya kazi litachukua takriban GB 1 ya matoleo kwa mwezi. Kama huwa mna mabango 30 yanayoendelea kwa pamoja, kituo kiwe na nafasi tupu ya GB 30 hadi 40 juu ya folda yenyewe.

Na kuna kosa moja ambalo maelezo yake ya haraka yanaharibu zaidi kuliko kosa lenyewe. Ukiweka folda kwenye diski ya nje na ikachomoka, Syncthing husimama na kuandika `folder path missing` au `folder marker missing`. Kwa ujumbe huo wa pili, imetafuta folda ndogo ya `.stfolder` ikaikosa, ikakataa kuendelea. Watu huambizana waitengeneze `.stfolder` kwa mkono, na ujumbe kweli unaondoka. Lakini kama diski haipo na folda ni tupu, umeiambia Syncthing kwamba folda ni halali na kila kilichokuwamo kimefutwa, nayo itaufikisha ufutaji huo kwa wote. Ukiona ujumbe huo, tafuta mafaili kwanza. Rudisha diski, hakikisha herufi yake ni ile ile, kisha bofya `Rescan`.

Matoleo hayo yote bado yamo ndani ya chumba kimoja, na mwizi au moto havichagui kompyuta. Kila Ijumaa nakili `C:\Kazi` ya kituo kwenye diski ya nje na mtu aondoke nayo. Ziwe diski mbili zinazopokezana, ili wakati moja inaandikwa nyingine iwe nje ya jengo. Tumia `robocopy C:\Kazi E:\Kazi /E`, yaani pande zimegeuzwa: kutoka kwenye kituo kwenda kwenye diski. Usiongeze `/MIR`, kwa sababu hiyo hufuta kwenye diski kila kilichofutwa ofisini, na hapo diski inakuwa kioo cha kosa lile lile.

Simu, na wateja wa nje

Kwa picha zilizo kwenye simu, LocalSend inatosha. Isakinishe kwenye simu na kwenye kompyuta moja, vyote viwe kwenye waifai moja, chagua faili, gusa jina la kompyuta, mpokeaji akubali. Isipoiona kompyuta, tatizo ni lile lile la `Public` au la `AP Isolation`; yenyewe hutumia mlango 53317. Mkiwa nje ya ofisi, simu moja ifungue hotispoti huku data yake ikiwa imezimwa, na wengine wajiunge nayo. Kwenye simu nyingi hilo hufanya kazi bila kugusa bando, ingawa chache huwatenganisha waliojiunga wasionane. Hapo jaribu simu nyingine iwe ndiyo hotispoti.

Mteja aliye mbali hana njia zaidi ya intaneti. Asitumiwe faili la kazi lenye MB 40 kila mara anapotaka kuona rangi. Mpe PDF ya kuangalia yenye picha za nukta 150 kwa inchi, ambayo kwa bango la kawaida huwa MB chache, na faili kamili lipande mara moja tu, baada ya yeye kukubali. Hifadhi yenu ya mtandaoni ibaki kwa ajili hiyo: folda moja ya kazi zilizokamilika, kwenye kompyuta moja, na programu yake ikiwa imezimwa hadi pale mnapokuwa na kitu cha kupandisha.